Karatasi Moja Yenye Tano

"Ichome!" mkwe wangu alisema kwa mara ya tatu. "Jiko hilo hapo, moto huo hapo. Karatasi moja tu, Mdadisi! Unaipenda kuliko baba yako?"

"Mama, nikiichoma nitakuwa nimeokoa nini? Jedwali limeshakwenda tangu Ijumaa. Meneja ameshaliona."

"Basi ifute. Chukua kalamu, andika tatu."

"Siandiki tatu."

"Andika mbili!"

"Hapa si sokoni, mama, hata tushushiane bei."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka kama kikohozi. Mkwe wangu akanigeukia na kisu cha vitunguu mkononi, macho mekundu, sijui kwa vitunguu au kwa hasira.

"Na wewe, mama, cheka tu. Mdomo wako nao umo humu."

Hapo nikanyamaza, maana kweli ulikuwamo. Nikainamia ungo wangu wa maharage nikaendelea kuchagua, moja zuri, moja lenye tundu. Bomba la uani likakohoa, likatema maji kidogo ya rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili, likanyamaza nalo. Bahasha ilikuwa mezani baina yetu, nene, imefungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na karatasi mia tatu na kumi, na katika hizo, moja ingemtoa mwanangu kazini.

Mwanangu ndiye baba yake Mdadisi. Ana miaka ishirini na sita kwenye mtambo wa maji wa mji huu. Kazi yake, kila saa, ni kukinga maji kwenye kichupa, kutia kidonge, na kutazama. Maji yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Yasipogeuka, mji mzima unakunywa walichokunywa ng'ombe huko juu. Akishatazama huandika kwenye daftari kubwa: saa fulani, kipimo fulani. Bado miaka miwili astaafu.

Na Mdadisi ndiye binti yake wa kwanza, mke mwenzangu huyo. Alizaliwa mdomo wazi. Mkunga alipomkata kitovu, mtoto alimkazia macho kama anayemwuliza, umekata kwa ruhusa ya nani? Akiwa na miaka minne aliwauliza wageni kwa nini wanakuja saa ya chakula. Akiwa na saba alimwuliza mchungaji wa watu kama yeye mwenyewe anaamini yote anayosema. Nikajua huyu ataolewa na matatizo. Lakini dunia ina kazi kwa kila kilema, na kumbe wapo watu wanaolipwa kuuliza wenzao maswali. Wana ofisi, wana viti vya kuzunguka. Hutunga karatasi ya maswali wakaiita dodoso, wakaenda nayo mlango kwa mlango.

Kazi hiyo alianza vibaya. Mwaka wake wa kwanza walimtuma kuuliza wanawake kama wanapigwa nyumbani. Akafika kwa mama mmoja, wakakaa sebuleni, mume akaja akakaa nao, akawakaribisha vizuri kweli, akamimina hata maji. Mdadisi akasoma swali kama lilivyoandikwa. Yule mama akasema, "Hapana, tunaishi kwa amani." Akalisema huku anatabasamu upande mmoja wa uso, kwa sababu upande wa pili ulikuwa hautabasamiki. Mjukuu wangu akaandika HAPANA. Afanye nini? Ndilo jibu alilopewa. Mume akamsindikiza mpaka njiani akimshukuru kwa kazi nzuri anayolifanyia taifa.

Siku ile alirudi hakula. Akaniambia, "Bibi, leo nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri." Tangu hapo akawa mtu wa jambo moja. Wenzake walitaka majibu mengi, yeye alitaka kujua nani alikuwa chumbani wakati jibu linatoka.

Sasa, mwaka huu mvua zilipokwisha, watoto wakaanza kuharisha. Mwanzo wachache, tukasema maembe mabichi. Kisha benchi la zahanati likajaa, kisha wakawa wanalaza watoto wawili wawili kitandani, kichwa na miguu. Pacha wa jirani yangu walirudi nyumbani wamebaki macho. Nikawa nachemsha maji mara mbili, halafu naongeza ya tatu kwa woga. Marehemu mume wangu alikuwa na tumbo la chuma, aliwahi kunywa dimbwi zima vyura wakabaki wanauliza njia. Hata yeye maji haya angeyasalimia kwanza.

Bodi ya maji ikataka kujua kama wafanyakazi kwenye mitambo yote wanapima kweli. Ikaikodi ofisi ya kina Mdadisi. Yeye hakuwemo safari ile ya kwanza, alikuwa kazi nyingine. Wakaenda wenzake, wamevaa fulana walizopewa, zina nembo ya bodi hiyo hiyo kifuani. Wakawaita wafanyakazi kwenye ukumbi wa chakula, mmoja mmoja mezani, jina juu ya karatasi, wasimamizi wa zamu wamesimama ukutani wamefumbata mikono. Swali likasomwa kwa sauti: "Je, unafuata kanuni ya kupima maji kila saa ili kulinda afya za wananchi?"

Mia tatu na kumi waliulizwa. Mia tatu na kumi wakasema ndiyo.

Mdadisi alipoletewa matokeo alikaa palepale unapokaa mkungu wangu wa ndizi, akayatazama muda mrefu.

"Wote, bibi. Hata mmoja hakusema hapana. Hata aliyekuwa ametoka kuugua, hata aliyekuwa ametoka likizo."

"Si vizuri? Maana yake wanapima."

"Maana yake wanajua jibu linalotakiwa. Swali lenyewe limeshawaambia. Nani atajibu kwamba halindi afya za wananchi, na bosi anamsikia?" Akanitazama kwa jicho lile la kitovu. "Bibi, dawa yako ya presha unakunywa kila siku, kama daktari alivyokuagiza kwa ajili ya afya yako?"

"Kila siku, mjukuu wangu. Sikosi."

"Sawa." Akavunja ndizi yangu moja. "Dawa zile zinasumbua. Watu wengi zinawapeleka msalani kutwa nzima, basi siku yenye safari wanaziruka. Wiki hii iliyopita, wewe umeziruka siku ngapi?"

"Nne," nikasema. Kisha nikajipiga mdomo. "Toka hapa, mchawi wewe!"

Akacheka mpaka ndizi ikamtoka mkononi. Lakini nami nikaona. Swali la kwanza lilikuwa limenivalisha nguo ya kwenda kanisani. La pili lilinikuta jikoni na kanga yangu iliyochanika, likaniambia, kaa tu, sote tuko hivi. Halafu halikuniuliza kama naziruka. Liliuliza ngapi, tena za wiki moja ninayoikumbuka.

Wakati ule ule ripoti ya kwanza ikatoka, ikasema maji ni salama kwa asilimia mia, na wiki ile ile pacha mmoja wa jirani akazikwa. Jeneza lilibebwa na mtu mmoja, kwapani.

Mdadisi akaenda kwa bosi wake akamwambia, hili tumelifanya vibaya, nipe nirudie. Bosi wake si mtu mbaya, ana haraka tu, anatembea kama anayekimbiza basi. Akampa wiki tatu.

Nilimwona akitengeneza dodoso lile pale mezani kwangu, kwa sababu kwao umeme ulikatwa. Fulana zenye nembo akazikataa. Majina akayatoa juu ya karatasi, akatoa na zamu, akatoa na miaka ya kazi, maana alisema ukijua mtu ana miaka ishirini na sita na yuko mtambo fulani huhitaji tena jina. Kila mtu angeingia peke yake kwenye stoo tupu, akafunga mlango, akajaza mwenyewe kwa kalamu za aina moja, akatumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Wasiosoma wangesikilizishwa maneno kwenye simu kwa vipokea sauti vya masikioni, wakaandika tarakimu tu.

"Na bado haitoshi," alisema. "Mtu akiogopa, hata stoo ina macho. Nataka swali ambalo hata mimi nikilishika jibu lake sijui amesema nini."

"Hilo ni la waganga."

"Hili la hesabu. Lete maharage."

Akagawa maharage yangu mafungu mawili. Wafanyakazi nusu, bila kuchagua, karatasi zikiwa zimechanganywa kama karata, wanapewa mambo manne. Hawatii alama jambo lolote. Wanaandika idadi tu: katika haya, mangapi yamewahi kunitokea? Nusu ya pili wanapewa manne yale yale na la tano ndilo lenyewe: *nimewahi kuandika kipimo bila kupima*. Nao wanaandika idadi tu. Mtu akiandika mbili, hujui mbili zipi. Lakini ukijumlisha fungu lote la kwanza, ukajumlisha na la pili, watu wakiwa sawa idadi, ziada iliyoko fungu la pili imetoka kwa lile jambo la tano. Haiwezi kutoka kwingine.

Nilimwambia arudie mara mbili. Kisha nikamwambia, huyu mtu aliyeivumbua hii alikuwa ameoa wake wawili.

"Ila lina mtego," akasema. "Mtu akiandika tano, amekwisha. Tano maana yake yote, na la siri limo. Kwa hiyo manne ya mwanzo lazima yachaguliwe. Moja la kila mtu, ili asibaki mtu kwenye sifuri. Na mengine adimu, adimu kabisa, ili asiwepo mtu mmoja duniani aliyepatwa na yote."

La kila mtu lilikuwa rahisi: nimewahi kuja kazini na homa. La nusu ya watu: nimewahi kuazima buti za mwenzangu. Adimu je? Mdadisi hajawahi kufanya kazi mtamboni. Kwa desturi angekwenda kwanza kuyajaribu maswali kwa watu kumi, kumi na tano wa kule, akakaa nao, akawauliza mnaelewa nini hapa, nani amepatwa na hili. Lakini meneja wa mitambo alimkatalia kuingia kabla ya siku yenyewe, na wiki tatu zilikuwa zimebaki siku nne. Basi akamwuliza baba yake, usiku wa chakula, bila kumwambia ni kwa ajili ya nini. Aliona ni ujanja. "Baba, hebu nipe vituko vya kazini, vile visivyotokea mara mbili."

Mwanangu akafikiri. Akasema, kuna jamaa mmoja aliwahi kuvamiwa na nyuki juu ya tangi, akavimba kichwa kama tikiti. Na kuna jamaa mwingine alitumbukia kwenye bwawa la kuchujia akatolewa kwa ndoano.

Watu wawili, vituko viwili. Mdadisi akaviandika vyote. Aliyeumwa na nyuki si aliyetumbukia, basi hakuna atakayefika tano. Akalala usingizi mzuri.

Sasa hapa ndipo mdomo wangu unapoingia.

Jamaa mmoja na jamaa mwingine walikuwa mwanangu na mwanangu. Nyuki walimkuta juu ya tangi, akakimbia, akatumbukia bwawani, siku moja, saa moja. Mimi ndiye niliyemng'oa miiba kichwani, arobaini na moja, na suruali yake ikakauka uani kwangu siku mbili inanuka shabu ya kusafishia maji. Lakini mwanaume gani atamwambia binti yake kwamba alitolewa majini kwa ndoano ya takataka? Akasema jamaa. Na mimi je? Mimi kisa kile nimekisimulia kila mahali palipo na foleni. Ila mimi nikisimulia, nyuki hubeba. Kwenye kisa changu nyuki walimwinua mwanangu kwa mabega, wakamzungusha mji mzima, malkia wao mbele akionyesha njia, wakamtupa bwawani kwa sababu alikuwa mzito. Watu walicheka wakakumbuka. Mdadisi amekisikia tangu mdogo na akakiweka pamoja na vyura wa babu yake. Hata siku moja hakudhani mna ukweli mle ndani.

Siku ya maswali ilikwenda vizuri mno, alisema. Stoo tupu, sanduku, kalamu za aina moja. Aliwaeleza wote kwa pamoja: sitajua, meneja hatajua, hakuna atakayejua. Mwanangu alikuwa safu ya pili, amekunja mikono, anamtazama binti yake akisema mbele ya watu. Mtu wa pembeni yake alimnong'oneza, "Huyo si wako?" Akasema, "Ni wangu."

Akaingia stoo. Karatasi iliyomwangukia ilikuwa ndefu, ya matano. Akasoma, akahesabu, akaandika kweli. Safari ya kwanza, wasimamizi wakiwa ukutani, alisema ndiyo kama wenzake. Aliandika tano kwa sababu aliyemwahidi ni mtoto wake.

Jumatano Mdadisi akafungua sanduku. Fungu la manne lilikuwa na watu mia moja hamsini na tano, jumla mia mbili na kumi na saba. Fungu la matano, watu mia moja hamsini na tano vilevile, jumla mia mbili sabini na tisa. Ziada sitini na mbili. Katika kila wapimaji kumi, wanne wamewahi kuandika bila kupima. Akaniambia hesabu ya namna hii huyumba kwa watu wachache kama hawa, wanaweza kuwa wawili katika kumi, wanaweza kuwa sita, lakini sifuri haiwezi kuwa. Na ripoti ya kwanza ilisema sifuri.

Nilitazama glasi ya maji niliyokuwa nimeishika, nikaiweka chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Kuna jambo moja la kuchekesha," akasema, na alikuwa anacheka kweli. "Kuna tano moja. Moja tu! Sijui ni mtu mwenye mikosi gani, nyuki wamuume na bwawa alitumbukie."

Mimi sikucheka. Mdadisi akaona sicheki. Mimi nisiyenyamaza hata mazikoni.

"Bibi?"

"Nyuki hawakumbeba," nikasema. "Alikimbia mwenyewe."

Alikuwa msichana mweusi wa kung'aa, mjukuu wangu. Nikaona rangi inamtoka kama maji yanavyoshuka kwenye mtungi wenye ufa. Akachukua simu ampigie bosi wake, asilitume jedwali, atume zile jumla mbili tu na tofauti yake, ndiyo kanuni, hesabu za kila jibu zisitoke nje ya ofisi. Bosi wake hakupokea. Alipokea Ijumaa jioni, kwa furaha: ameshatuma yote, meneja aliomba aone kila kitu, na kazi ni nzuri sana, hongera. Jedwali lenyewe lilikuwa limeandikwa wazi: waliojibu moja, wangapi, waliojibu mbili, wangapi, mpaka chini kabisa. Tano: mmoja.

Jumamosi meneja akampigia Mdadisi mwenyewe. Sauti ilikuwa tulivu, alisema, kama ya mtu anayekula tunda.

"Dada, nimesoma. Hii wanne katika kumi ni makadirio tu, si ndiyo?"

"Ni makadirio, mheshimiwa, lakini..."

"Makadirio hayana jina. Ila hii tano si makadirio. Hii ni mtu. Nyuki na bwawa. Unajua mimi nilikuwepo siku ile? Niliishika ile ndoano. Nitaomba uniletee hiyo karatasi Jumatatu, niiweke kwenye faili. Nimpeleke huyo mbele ya bodi, tumalize hili suala la maji."

Ndipo tulipofika asubuhi hii ya Jumatatu, sisi watatu, jiko moja na bahasha moja.

"Sikiliza," mkwe wangu alisema, akaweka kisu chini, akashusha sauti, na ikatisha zaidi ilipokuwa chini. "Unajua kwa nini baba yako aliandika bila kupima? Vidonge vimekwisha tangu kabla ya mvua. Vimekwisha kule kwao na mitambo mingine. Akapeleka taarifa. Akaambiwa, andika kama jana. Aliyemwambia ni nani? Si ndiye huyo anayetaka karatasi?"

Mdadisi akageuka. "Mama, ulijua?"

"Alikuwa hali, halali, mimi ni ukuta? Kila siku akirudi ananiuliza, mmechemsha? Mmechemsha? Nimechemsha mpaka sufuria limetoboka."

"Na hukuniambia. Mimi naulizia mji mzima, wewe unajua, unanipakulia ugali unanyamaza."

"Hukuniuliza vizuri," mkwe wangu akasema.

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Mdadisi akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alianza kuwaza kwa sauti, kama zamani akifanya hesabu za shule. "Nikienda kwa bodi leo, kabla yake, nikawaeleza sitini na mbili maana yake nini, kwamba ni mitambo yote na si mtu mmoja, watasikia. Mwenyekiti ni mama mmoja mwelewa. Nitasema karatasi hazitolewi, niliwaahidi watu, na nikizitoa hakuna mfanyakazi atakayesema kweli tena nchi hii. Hilo naweza."

"Basi nenda!"

"Wataniuliza, na huyu wa tano? Nikisema asiguswe, nimeshakiri kwamba yupo na anajulikana. Nikisema labda alikosea kuhesabu, yamkini watu hukosea, kweli hukosea, lakini nitakuwa nasema kwa sababu ni baba yangu. Wakijua ni baba yangu, hesabu yote itaitwa ya nyumbani. Wanne katika kumi watatupwa. Tutarudi kwenye sifuri, na maji yatabaki haya."

"Kwa hiyo unamtoa kafara."

"Sijasema hivyo!"

"Hujasema, ila ndicho unachokipima hapo!" Mkwe wangu akaushika uzi wa bahasha. "Mimi si msomi. Mimi naona mtu mmoja aliyesema kweli, na mia tatu waliojificha, na mmoja huyo ndiye anayekatwa. Kwa mtego wako. Ulimtegea baba yako mtego ukampa na kalamu."

Mdadisi aliuma mdomo kama alipokuwa mdogo akizuia kulia, na nikataka kumwita mke mwenzangu, nimfanyie mzaha wowote, lakini kila mzaha nilionao una nyuki ndani. Nimezeeka nikisema uongo wa kufurahisha watu. Sikujua unaweza kukaa miaka, ukasubiri, kisha ukaenda mwenyewe kwa meneja ukamwambia jina.

"Nipeni mimi hiyo karatasi," nikasema. "Niende nayo mimi kwa huyo meneja. Nitamwambia nyuki walibeba watu wawili. Nitamwambia aliyetumbukia ni mwingine, wakabadilishana suruali. Mimi nikisimulia hata aliyekuwepo husahau alichokiona."

"Mama, hili si la hadithi."

"Kila kitu ni cha hadithi mpaka mtu apoteze kazi."

"Bibi, kaa." Mdadisi alikuwa amechukua bahasha, ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. "Nakwenda kwa mwenyekiti. Nitamwambia yote, na baba, na kosa langu la kutojaribu maswali, na vidonge vilivyokwisha. Yote. Akinifukuza anifukuze. Lakini kwanza lazima baba ajue kutoka kwangu. Sitaki asikie kwa mtu mwingine kwamba ahadi niliyompa..."

"Utamwambia nini? Atakapoingia hapa jioni amechoka, utamwambia nini, Mdadisi? Mimi nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia, mume wangu, huyu mtoto wako uliyejivunia mbele ya wenzako..."

Mlango wa uani ukasukumwa.

Ilikuwa saa sita mchana. Zamu yake hutoka saa kumi na mbili. Mwanangu aliingia kinyumenyume, akiuvuta mfuko wa nailoni kupita mlangoni: sweta lake la mtamboni, taulo, kikombe cha bati, redio ndogo yenye waya umezungushwa, vyote vilivyokaa kabatini kwake kazini. Akautua mezani pale ilipokuwa bahasha, akanyoosha mgongo, akatutazama mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikaitikia. Mkwe wangu alikuwa bado ameshika neno lake mdomoni. Mdadisi akafungua bahasha kidogo, akaifunga.

"Endeleeni," mwanangu akasema, akavuta kiti. "Mlikuwa mnasemaje?"